Manjano ya Asubuhi, Bluu ya Usiku

Tangu amzike mumewe, bibi mmoja wa Tanga alikuwa akiamka alfajiri kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka na njaa inamkwangua tumbo. Majirani walisema ni majonzi. Kumbe ni vidonge.

Marehemu ndiye aliyekuwa akimhesabia dawa: metformini na glibenklamidi za sukari, na amlodipini ya presha. Hizi mbili za mwisho zilikuwa vidonge vidogo vyeupe, na bibi alikuwa amevimimina vyote katika kopo moja visipotee. Glibenklamidi hunywewa asubuhi pamoja na chakula, kwa kuwa huisukuma kongosho itoe insulini. Yeye aliinywa usiku akidhani ni ya presha, kisha akalala na kikombe cha chai tu tumboni. Sukari ikawa inashuka hadi alfajiri.

Alipokwenda duka la dawa kuongeza vidonge, mfamasia kijana hakuishia kumpa vifuko vilivyoandikwa "1x2".

"Shikamoo, bibi. Hebu nionyeshe unavyokunywa."

"Marahaba. Hiki cheupe ni cha usiku, mwanangu."

"Kipi kati ya hivi viwili?"

Bibi akanyamaza.

Kijana alimpigia daktari wake simu kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema glibenklamidi haifai kwa waliopita miaka 60, kwa sababu sukari yao hushuka kwa urahisi. Daktari akaibadilisha kwa gliklazidi. Ndipo kijana akachora chati. Rangi hakuzipa dawa, alizipa nyakati. Safu ya manjano, yenye jua na kikombe cha uji, ilibandikwa metformini moja na gliklazidi moja. Safu ya bluu, yenye mwezi na sahani ya wali, ilibandikwa metformini moja na amlodipini moja. Kila pakiti ikapakwa rangi ya wakati wake, na ya metformini ikapata zote mbili. Hakutumia bluu na kijani, maana macho ya uzeeni huzichanganya.

Kabla hajaondoka, bibi alipanga vidonge vya siku nzima mezani mwenyewe. Alikosea mara moja, akarudia.

Chati hiyo ina mipaka yake. Kiwanda kikibadilika, kidonge hicho hicho huweza kuja na umbo jingine, na daktari akibadilisha dozi chati inakuwa ya uongo. Kwa hiyo bibi huenda nayo kila anapochukua dawa, na vidonge havitoki tena kwenye pakiti zake.

Ukimkuta mzee wa sukari anatoka jasho, anatetemeka au anaongea ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Wote wapelekwe hospitali hata wakipata nafuu, kwa sababu dawa hizi huweza kuishusha sukari tena saa nyingi baadaye.