Kutojua na Kukosea Hoja: Utangulizi wa Daftari la Makosa

Mwanafunzi wa uuguzi na ukunga anayejiandaa na mtihani wa leseni hufanya maswali ya kuchagua kwa mamia. Anasahihisha, anahesabu alama, anapata asilimia 62, kisha anarudi kitabuni kusoma upya kila sura aliyoikosea. Baada ya wiki mbili anafanya seti nyingine na kupata asilimia 63. Juhudi hajazipunguza, ila ametumia dawa moja kwa magonjwa mawili. Alama inamwambia amekosa maswali mangapi, na haimwambii chochote kuhusu sababu. Aliyekosa kwa kutojua anahitaji kujifunza jambo asilolijua. Aliyekosa huku analijua jambo lenyewe hatasaidiwa na kulisoma tena.

Kutenganisha hawa wawili ndiyo kazi ya daftari la makosa, na ndiyo mada ninayokukaribisha kwayo, msomaji.

Uchambuzi wa makosa una mizizi katika ufundishaji wa hisabati. Mwaka 1977 Anne Newman, mtafiti wa Australia, alichapisha njia ya kumhoji mtoto kuhusu swali alilolikosa: je, aliweza kulisoma, alilielewa, alijua atumie hesabu gani, aliifanya sawasawa, na aliliandika jibu ipasavyo? Hoja yake ni kwamba jibu moja baya linaweza kuzaliwa katika hatua yoyote kati ya hizo, na mwalimu asiyeuliza hataijua hatua yenyewe. Katika tiba swali hilohilo lilikuja kwa sura nyingine. Mwaka 2005 Mark Graber na wenzake wa Marekani walichapisha uchambuzi wa visa 100 ambamo wagonjwa walikosewa utambuzi wa ugonjwa. Upungufu wa maarifa ulionekana mara chache. Kosa la kufikiri lililojitokeza zaidi ni daktari kufunga uamuzi mapema: anapata maelezo yanayotosheleza, anaacha kutafuta mengine. Hao walikuwa watu waliokwisha kuhitimu, na mwanafunzi bila shaka ana mapengo mengi kuliko wao. Lakini matokeo hayo yanatosha kumzuia mtu kudhani kwamba kila kosa ni ukurasa ambao hakuusoma.

Tuingie sasa kwenye swali lenyewe, kwa sababu jambo hili halieleweki kwa maelezo ya jumla. Mjamzito wa miaka 24, mimba ya wiki 35, analetwa kituoni baada ya kuanguka na kupata degedege la mwili mzima. Ndugu zake wanasema tangu jana analalamika kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Alimaliza dawa za malaria siku kumi zilizopita. Joto ni 36.9, shinikizo la damu 170/115, sukari ya damu ya kawaida, protini kwenye mkojo +++, na kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha chanya. Apewe dawa gani kwanza: artesuneti ya sindano, diazepamu, magnesiamu salfeti, au seftriaksoni?

Jibu ni magnesiamu salfeti. Huyu ana kifafa cha mimba, na tangu utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 1995 inajulikana kwamba dawa hii huzuia degedege lisirudi vizuri zaidi kuliko diazepamu au fenitoini. Kipimo cha malaria hakipaswi kumvuta mtu hapa. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2, ambayo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa.

Sasa tuseme wanafunzi watatu wamechagua artesuneti, na wote wameandika sababu ileile: kipimo chanya na degedege maana yake ni malaria kali. Kwenye karatasi ya alama wamefanana kabisa. Ili kuwatofautisha tunamuuliza kila mmoja swali tupu, yaani ule ukweli wenyewe ukiwa umevuliwa hadithi ya mgonjwa.

Wa kwanza anaulizwa: kipimo cha haraka cha malaria huweza kubaki chanya kwa muda gani baada ya tiba? Anajibu siku mbili au tatu. Hili ni pengo la maarifa. Kwa alichokijua, kukitegemea kipimo kile kulikuwa na mantiki.

Wa pili anajibu sawasawa kwamba ni wiki kadhaa. Anaulizwa shinikizo la 170/115 lenye protini na degedege kwa mjamzito ni nini, anajibu bila kusita kwamba ni kifafa cha mimba. Dawa yake? Magnesiamu salfeti. Alikuwa na kila alichokihitaji. Hapo linafuata swali la pili la daftari: jibu langu liliacha taarifa zipi bila maelezo? Akirudi kwenye hadithi atakuta kwamba malaria kali haielezi shinikizo la damu, haielezi protini, na joto la 36.9 halimpi sababu ya kuwa na uhakika. Alifika kwenye neno chanya akasimama. Hili ni kosa la hoja, na ni kosa la aina ileile waliyoikuta kina Graber.

Wa tatu ndiye mgumu kuliko wote. Ukimtajia kifafa cha mimba atakuorodheshea dalili zake zote na dozi ya dawa. Ukimpa dalili zilezile bila jina, anakaa kimya. Maarifa anayo, ila yanakwenda upande mmoja: kutoka jina kwenda dalili, wakati mgonjwa huja na dalili bila jina. Wapo walimu wanaomhesabu huyu upande wa hoja. Mimi namweka upande wa pengo, kwa sababu kinachomtibu ni kujifunza upya kwa kugeuza swali, na mazoezi ya kufikiri peke yake hayatampa njia ambayo kumbukumbu yake haina.

Tiba za watatu hawa hazifanani. Wa kwanza aandike kadi moja yenye ukweli mmoja, ule wa kipimo, ajiulize kesho, kisha baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki mbili. Hana haja ya kusoma sura nzima ya malaria. Wa tatu aandike kadi iliyogeuzwa, dalili mbele na jina nyuma. Wa pili asisome kitu. Achukue maswali kumi ya visa na ajiwekee sharti: kabla ya kuchagua, aonyeshe kwa kidole taarifa moja inayolipinga jibu lake, na aseme kwa nini bado analishikilia. Sharti hilo litamchelewesha, na kuchelewa huko ndiko anakokuhitaji.

Baada ya wiki moja wote wapewe swali pacha, lenye umbo lilelile na mgonjwa tofauti: mjamzito mwingine mwenye degedege, joto 39.4, shinikizo 110/70, mkojo hauna protini, hajawahi kutibiwa malaria karibuni, kipimo chanya. Hapa artesuneti ndiyo jibu. Aliyejifunza tu kwamba artesuneti ni mtego ataikwepa na kukosa tena, nasi tutajua kwamba alikariri swali wala hakurekebisha fikra zake. Bila swali pacha, daftari haliwezi kujua kama tiba imefanya kazi.

Udhaifu mkubwa wa kazi hii uko katika wakati wa kuandika. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff alionyesha kwamba watu wakishaambiwa tukio liliishaje, huliona tokeo hilo kuwa lilitarajiwa kuliko wanavyoliona wasioambiwa, tena hawatambui kwamba kuambiwa ndiko kulikowabadilisha. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa anayesoma ufafanuzi wa jibu kisha akajiuliza: nililijua hili? Karibu kila mara atajibu ndiyo, na daftari litajaa makosa ya hoja ambayo kwa kweli ni mapengo. Kinga yake ni kuandika mambo mawili kabla ya kuona jibu: sababu ya uchaguzi wako kwa sentensi moja, na kama una uhakika au unakisia. Sentensi hiyo ndiyo ushahidi pekee wa ulichokifikiri. Na swali tupu usijiulize dakika ileile uliyofunga ufafanuzi. Subiri kesho, au mwombe mwenzako wa kikundi akuulize bila kukutajia kisa kilikuwa kipi.

Alama ya uhakika ina faida nyingine. Katika maswali yenye machaguo manne, mtu aliyebahatisha kabisa maswali 12 atategemea kupata kama matatu kwa bahati tu. Matatu hayo yanahesabiwa kuwa ushindi, yanajificha, na siku ya mtihani yanarudi kuwa makosa. Kwa hiyo jibu sahihi ulilolikisia liingie daftarini pamoja na yale uliyoyakosa. Kwa upande mwingine, kosa ulilolifanya kwa uhakika mkubwa lisikukatishe tamaa. Butterfield na Metcalfe walionyesha mwaka 2001 kwamba makosa ya namna hiyo, mtu akisharekebishwa, husahihishika kwa urahisi kuliko yale aliyoyafanya kwa kusitasita.

Kuna neno moja ambalo ningelipiga marufuku katika safu ya sababu, nalo ni haraka, pamoja na ndugu yake uzembe. Mwanafunzi akiandika haraka mara kumi, amejilaumu mara kumi na hajui afanye nini kesho. Andika neno la swali ulilolipita, mathalani kwanza au isipokuwa, na mahali ulipolipita. Ikiwa kila mara ni neno lililo katika mstari wa mwisho wa swali refu, basi unajua la kufanya: soma mstari wa mwisho kabla ya hadithi.

Usitafute mwelekeo mapema. Makosa matano hayakuambii kitu, kwa kuwa seti moja inaweza kuwa imeegemea mada moja. Kwa maoni yangu anza kuhesabu ukifikisha makosa kama 40, na uyahesabu kwa kila somo peke yake, kwani mtu anayefunga uamuzi mapema katika ukunga anaweza kuwa makini kabisa katika magonjwa ya watoto huku akiwa na mapengo makubwa ya dozi. Mistari mitatu kwa kosa moja inatosha. Daftari linalonakili ufafanuzi mzima wa kitabu huwa halirudiwi kusomwa.

Seti yako ijayo ya maswali ifanye ukiwa na kalamu mkononi, na usifungue majibu mpaka kila chaguo lako liwe na sentensi yake ya sababu.