Nani Kasema Tathmini ni Sandwichi?

"Mwalimu, nimpe sifa ngapi kabla sijamwambia kasoro?" Kila ninapowafunda watathmini wapya wa klabu za Toastmasters, swali hili halikosi mtu wa kuliuliza. Wapo hata wanaotaka hesabu kamili: mbili mwanzoni, moja mwishoni, au kinyume chake? Nimelijibu kwa upole mara nyingi mno na upole wenyewe umeniishia. Swali limekaa kombo. Sifa si ada unayolipa ili uruhusiwe kukosoa.

Chanzo cha swali ni ile kanuni ya sandwichi: sifa juu, kasoro katikati, sifa chini. Inapendwa kwa sababu inamwokoa mtathmini, si mtoa hotuba. Mtathmini akishaikariri hana haja ya kusikiliza kwa makini. Ana vyumba vitatu vya kujaza, na chochote kitavijaza. Ndiyo maana utasikia "umependeza", "sauti yako nzuri", "umejiamini", maneno ambayo angeweza kuyaandika nyumbani kabla ya kikao.

Madhara yake huonekana baada ya vikao vichache. Wanachama huzoea mpangilio, kwa hiyo sifa ya kwanza ikitamkwa hakuna anayeisikiliza. Kila mtu anangoja pigo. Pigo nalo likija limefunikwa juu na chini hata mlengwa hajui lilikuwa zito au jepesi. Mwoga huondoka na kasoro peke yake, mwenye majivuno huondoka na sifa peke yake. Wote wawili wamesikia tathmini ileile, na hakuna aliyejua afanye nini wiki ijayo.

Tuchukue mfano. Dada mmoja anatoa hotuba ya dakika 5 hadi 7, na lengo lake ni kuwashawishi wenzake waweke matangi ya kuvuna maji ya mvua majumbani. Anaanza na wiki ambayo mabomba ya mtaa wao yalikauka huku mama mkwe amekuja kutembea. Anataja madumu yaliyopangwa kuanzia jikoni hadi mlango wa chumba cha mgeni, ananyamaza kidogo, ukumbi unaangua kicheko. Kisha anaingia kwenye aina tano za matangi, kila moja na ujazo wake, bei yake na msingi wake. Hapo macho yanahamia kwenye karatasi na sauti inakuwa ya mtu anayesoma orodha. Taa nyekundu inawaka akiwa bado kwenye tangi la nne. Anaharakisha, anasema "kwa hayo machache, asanteni", anakaa.

Mtathmini wa sandwichi atasema: "Hongera dada, umeanza vizuri sana. Jitahidi kuwatazama wasikilizaji, usisome, punguza kasi mwishoni, na chunga muda. Lakini kwa ujumla, hotuba nzuri mno." Hesabu: kasoro nne kwa pumzi moja, wala hakuna hata moja iliyoelezwa jinsi ya kuiponya. Dada wa watu angekuwa anajua namna ya kutosoma, asingesoma.

Sasa tazama kwa jicho la kazi. Kusoma karatasi, sauti kupoa, kupitiliza muda na kumaliza kwa haraka si magonjwa manne. Ni dalili za jambo moja: matangi matano hayaenei katika hotuba ya dakika 7. Bei tano na ujazo wa aina tano havikai kichwani, ndiyo maana alisoma. Aliposoma, sauti ikapoa. Orodha ilipokuwa ndefu, muda ukamwishia. Muda ulipokwisha, akakosa nafasi ya kuwaomba watu wafanye lolote. Na hotuba ya kushawishi isiyoomba kitu haijafika. Kazi ya mtathmini ni kuutafuta mzizi huo. Ndiyo sababu tunasema pendekezo moja au mawili. Hatufanyi hivyo kwa huruma. Ukiupata mzizi, mara nyingi moja linatosha.

Sifa nayo ina kazi yake. Inamwambia mtu nini asikiguse. Mtoa hotuba haoni alichokifanya. Huenda dada yule akadhani watu walimchekea mama mkwe, na safari ijayo akaleta vichekesho vya wakwe hadi watu wachoke. Mwambie: "Tulicheka pale uliponyamaza baada ya kutaja madumu mlangoni. Ulitupa muda wa kuyaona. Kimya hicho kilinde." Hapo amepata kitu cha kubeba.

Kisha lete pendekezo bila kujifichaficha: "Ulipoingia kwenye matangi niliona macho yako yamehamia kwenye karatasi, na mwisho ukatupita haraka. Ningekushauri ubakize matangi mawili, moja la mwenye nyumba na moja la mpangaji. Dakika utakazookoa zitumie mwishoni kutuomba jambo moja, kwa mfano kila mmoja akapime paa lake Jumamosi hii." Hilo linafanyika. Analielewa akiwa kitini, anaweza kulijaribu kesho.

Watauliza: je, hiyo nayo si sifa kwanza, kasoro baadaye? Ndiyo, na mara nyingine mpangilio utakuwa huo. Lakini hapa sifa imefuata hotuba ilivyokwenda; kilichokuwa kizuri kilitokea mwanzoni. Kingetokea mwishoni, ningekitaja mwishoni. Na kama hakikuwepo cha pili cha kusifia, usikibuni ili ufunge mkate.

Mengine ni ya haraka haraka. Kabla ya kikao mfuate mtoa hotuba, muulize mradi wake unahusu nini na anataka uangalie nini hasa. Kama anajifunza kutumia mikono, usimhubirie sarufi. Wakati wa hotuba andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na kile ukumbi ulichofanya. Usihesabu "aa" na "eem", kuna mwenzako amepewa kazi hiyo. Muda nao una mtunzaji wake. Una dakika 2 hadi 3 jukwaani: kijani kwenye 2, njano kwenye 2 na nusu, nyekundu kwenye 3. Usiisimulie hotuba upya, sote tulikuwepo. Sema "niliona", "nilisikia", kwa kuwa wewe ni msikilizaji mmoja, si hakimu.

Kwenye fomu, alama ya 3 kati ya 5 maana yake ametimiza kinachotakiwa. Ukimpa kila mtu 5 kila mahali umemnyima ramani. Hotuba ikiwa bora kabisa, usitafute kasoro kwa tochi, mpe changamoto ya kupanda ngazi, na fomu ina nafasi ya hilo. Ikiwa imevurugika, chagua pendekezo litakalookoa mengi, mengine yaache. Jambo la aibu, kama zipu au kumtaja mwanachama vibaya, mwambie pembeni. Na akiwa mzee wako au bosi wako, shikamoo na heshima zote zitangulie, ila pendekezo libaki lilelile.

Kikao kikiisha mwulize, "Dada, safari ijayo utabadilisha nini?" Akikujibu kwa sentensi moja, tathmini yako imefanya kazi. Akikujibu "umesema nimejitahidi", aliyeshindwa ni wewe, na usije kuniuliza idadi ya sifa.