Kwa Nini Popo Huning'inia Kichwa Chini na Kubanana

Ndugu mkulima, mzee mmoja wa hapa Choma alichoshwa na popo chini ya bati la nyumba yake. Akaukandika mwanya kwa udongo saa sita mchana, popo wote wakiwa ndani. Siku ya tatu harufu ilimtoa yeye na wajukuu zake, wakahamia kulala jikoni. Basi tuanze na miguu ya popo, maana dawa ya nyumba ile ilikuwa humo.

Popo si ndege. Ni mnyama anayezaa na kunyonyesha. Miguu yake ni myembamba, haina nguvu ya kuruka kutoka chini kama kuku. Hupanda juu, hujiachia, na akishaanguka kidogo hukunjua mabawa. Akilala kichwa chini yuko tayari kuondoka.

Je, hachoki? La. Uzito wa mwili wake huvuta kano za vidole, na kucha hujikunja zenyewe. Kano hizo zina vijino vinavyonasa katika ala yake, kama komeo. Popo hutumia nguvu kuachia, si kushika. Ndiyo maana hata aliyekufa huweza kubaki akining'inia kwenye kenchi.

Kubanana nako ni hesabu ya joto. Mwili mdogo hupoa upesi, nao wakikaa kifua kwa mgongo kila mmoja hutumia chakula kidogo kujipasha. Bati likichemka mchana utawaona wanaachana na kushuka sehemu yenye nafuu. Wanaobanana sana mara nyingi ni majike wenye watoto, kwa sababu mtoto wa popo huzaliwa hana manyoya.

Sasa rudi kwenye ule mwanya. Jioni kaa nje utazame wanapotokea. Mara nyingi ukuta hapo una weusi wa mafuta na kinyesi chini yake. Wakishatoka wote, sikiliza. Ukisikia milio myembamba darini, kuna watoto wasioweza kuruka. Ngoja wiki kadhaa mpaka milio ikome, la sivyo utawafungia humo wafe.

Wakiisha kukua, ning'iniza kipande cha chandarua mbele ya mwanya. Kifunge juu na pembeni, kishuke kama mkono mmoja chini ya mwanya, na upande wa chini ukiache wazi. Popo akitoka atatambaa na kujiachia apite chini. Akirudi atatua pale pale penye mwanya, akute wavu. Acha siku tano hadi saba, ukihakikisha hatoki hata mmoja, ndipo uzibe. Ziba na nyufa nyingine zote, hata ya upana wa kidole, maana watazijaribu.

Usimshike popo kwa mkono mtupu. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uende zahanati siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kinyesi usikifagie kikiwa kikavu. Kinyunyizie maji kwanza, nawe ufunge kitambaa puani na mdomoni.