Mtaro Wenye Ufa: Namna ya Kuandika Ripoti ya Saiti

Mwanafunzi wa uhandisi aliye mafunzoni akirudi kutoka saiti na kuandika "mtaro wa msingi si salama", mhandisi wake hana la kufanya na sentensi hiyo. Mtaro upi? Nani alikuwa ndani? Hiyo ni hukumu, na ushahidi wake haupo.

Tuchukue mtaro wa msingi wa nyumba ya ghorofa, mvua imenyesha usiku kucha. Kilichoonekana kiandikwe kama kilivyoonekana: "Saa 4:20 asubuhi, upande wa mashariki, kati ya nguzo namba 3 na 4. Vibarua wawili wamo ndani. Kuta zimechimbwa wima, hazina mbao za kuzizuia. Hakuna ngazi. Juu ya ardhi kuna ufa unaofuata ukingo." Kwamba ufa umeletwa na mvua ni dhana. Akitaka kuitaja, aiweke kwenye aya yake na aiite dhana.

Kisha vipimo. "Mtaro mrefu kwenda chini" hakumsaidii mtu, mita 1.9 kunamsaidia, hasa ikielezwa kina kimepimwa wapi na kwa nini. Ikiwa ramani inasema mita 1.5, namba zote mbili zikae pamoja. Rundo la udongo liko sentimita 30 kutoka ukingoni. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka liwe angalau sentimita 60, na mtaro unaofika mita 1.5 uwe na kinga, isipokuwa umechimbwa kwenye mwamba imara.

Kina hakipimwi kwa kushuka. Unateremsha ubao mrefu ukiwa kwenye mwisho wa mtaro, mahali ambapo ardhi haijapasuka, kisha unaupima ukiwa juu. Ufa wenyewe usisogelewe, kwa sababu ukingo unaweza kuporomoka pamoja na anayepima. Piga picha kwa mbali na uandike wazi: "Upana wa ufa haukupimwa, haikuwa salama kusogea." Nafasi tupu iliyoelezwa hivyo ni bora mara nyingi kuliko namba ya kukisia.

Mita moja ya ujazo ya udongo kwa kawaida huzidi tani moja na nusu. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi ingawa kichwa kiko nje. Kwa hiyo hatari ya namna hii haingoji ripoti: msimamizi anaambiwa papo hapo, vibarua watolewe, ndipo kalamu ishikwe. "Saa 4:25 nilimwarifu msimamizi wa saiti. Saa 4:30 vibarua walitoka. Saa 5:10, nilipoondoka, mtaro ulikuwa bado haujazungushiwa uzio."

Wanafunzi wengi huiacha sentensi hiyo ya mwisho wakiogopa kuonekana wachongezi. Iandike, ili mhandisi apige simu jioni hiyohiyo, kabla vibarua hawajarudi mtaroni asubuhi.