Mtu Mzima Akianguka Degedege kwa Mara ya Kwanza

Fundi cherehani wa miaka 38, ambaye hajawahi kuugua kifafa, yuko kazini. Vidole vya mkono wa kulia vinaanza kurukaruka vyenyewe, shingo inapinda kuelekea kulia, kisha anadondoka amekakamaa na kuanza kutukutika mwili mzima. Povu lenye damu linamtoka mdomoni. Huu ni mfano tu, lakini madaktari wa mishipa ya fahamu huwaona wagonjwa wa namna hii mara kwa mara.

Wenzake hukimbilia kijiko wamtie mdomoni. Tafadhali, kiacheni. Ulimi haumezwi, uking'atwa hupona wenyewe, ila jino lililovunjwa na kijiko laweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kumkandamiza nako hakuzimi degedege, bali huweza kumtegua bega. Tazama saa. Sogeza mkasi, pasi na mashine, kunja kitenge umwekee chini ya kichwa, mlegezee kola. Akitulia, mgeuze alale kiubavu ili mate na matapishi yatoke. Maji asipewe mpaka aongee sawasawa.

Degedege nyingi huisha ndani ya dakika 3. Ikifika dakika 5, au ya pili ikianza kabla hajazinduka, huenda isikome bila dawa, kwa hiyo msaada wa haraka uitwe. Mjamzito hasubiriwi hata dakika hizo, kwani huenda ni kifafa cha mimba.

Fundi akizinduka, bado anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo, na aliyemwona akianguka afuatane naye. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu. Kwanza hutobolewa kidole kupima sukari, maana ikishuka mno huua, na kuipandisha ni kazi ya dakika chache. Hufuata malaria, VVU, chumvi za damu na umeme wa moyo. Ataulizwa pia kama ameacha pombe ghafla.

Shahidi akisema mkono wa kulia ndio ulioanza, daktari hushuku upande wa kushoto wa ubongo na kuagiza picha ya kichwa. Kwa fundi wetu inaonyesha kijivimbe cha kiluwiluwi cha tegu wa nguruwe, ugonjwa unaojulikana Mbulu na Nyanda za Juu Kusini. Hata asiyekula nguruwe huupata, kwa kumeza mayai ya tegu yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu, kupitia mikono au mboga zisizooshwa vizuri.

Degedege moja pekee haimaanishi mtu ana kifafa, na wengi hawarudiwi. Penye kovu au kivimbe kwenye ubongo hatari ya kurudiwa ni kubwa zaidi, ndiyo maana fundi huyu anaanzishiwa dawa mapema. Mpaka daktari amruhusu, asiendeshe pikipiki, asipande ngazi ndefu wala asiogelee peke yake.