Mafumbo yalitaka kutuvunjia ndoa Karatu!

Mume wangu ni dereva wa watalii. Akitoka Karatu alfajiri, anapita geti la Lodoare, anashuka kreta ya Ngorongoro na wageni, jioni anarudi mwekundu kwa vumbi. Kila akirudi namuuliza: "Leo wageni wako walikuwa akina nani? Wamefurahi?"

Yeye hunijibu mkato: "Wageni tu." Kisha anaongeza, "Barabara ya leo, mama, usiombe!" Mimi naendelea kumweleza habari za luku na ada ya shule. Ananuna. Na mimi nanuna. Miezi mitatu tukawa tunalala mzungu wa nne!

Jumamosi moja tukaenda kula kuku na ndizi za kukaanga kwenye hoteli iliyo kando ya barabara kuu. Nikarusha tena lile swali langu la wageni. Bwana akaweka paja la kuku chini. "Mke wangu, hivi unanichunguza? Unadhani nina mzungu?"

Nilibaki mdomo wazi. Kumbe ndivyo alivyokuwa akinielewa!

"Sikuchunguzi," nikamwambia. "Miaka tisa nafua vumbi la kreta kwenye mashati yako na sijawahi kuiona. Nataka unipeleke, mimi na wewe, kabla masika hayajaharibu barabara."

Akacheka hadi meza ya jirani wakageuka. "Sasa si ungesema! Gari la kampuni siwezi kulichukua, watanifukuza kazi. Na taksi haishuki kule, lazima gari la foo wili. Lakini kiingilio cha sisi Watanzania kinalipika. Gharama kubwa ni gari lenyewe na ushuru wake wa kushukia kreta. Tukichanga na shemeji na mkewe, Februari inawezekana."

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza.

Akasita, maana wanaume wetu nao! "Nikisema barabara mbaya, maana yake nimechoka. Nataka maji ya moto na nusu saa ya kimya. Baada ya hapo, ada, luku, vyote nieleze."

"Nusu saa nakupa. Maji ya moto, siku ninayochelewa sokoni utachemsha mwenyewe."

"Sawa."

Oneni wenyewe, wasomaji. Swali langu la wageni lilikuwa na majibu kumi, yeye akachagua baya kuliko yote. Lakini nilipotaja kitu chenyewe na wakati wake, alijua kipi aseme ndiyo, kipi aseme hapana. Ile hapana ya gari la kampuni haikuniuma hata kidogo, kwa sababu ilikuja na sababu yake.

Februari tulishuka, wanne, tumejifunika mashuka ya Kimasai maana baridi ya ukingoni si mchezo. Faru hatukumwona. Saa kumi jioni mume wangu akapiga miayo, akaanza: "Barabara hii..."

Nikamkatiza: "Sema unachotaka, baba!"

"Nataka twende nyumbani."

Tukaenda.