Maiti wa Goma na hesabu ya kigawanyo

Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, mashariki mwa Zaire ya wakati ule, mamia ya maelfu kwa siku chache. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkano, jembe haliingii. Kipindupindu kilipoanza kuua, wafiwa waliwalaza maiti kando ya barabara na malori yakapita kuwachukua. Kwa mwezi mmoja maiti waliohesabiwa walizidi 48,000.

Tuseme ni vifo 1,600 kwa siku. Ili kupima ukali wa janga, wataalamu hugawanya vifo vyote vya siku kwa idadi ya watu, kisha huzidisha kwa 10,000. Hicho ndicho kiwango ghafi cha vifo. Kikifika 1, hali huhesabiwa kuwa ya dharura, kwa sababu katika nchi nyingi maskini kiwango cha kawaida kilikuwa karibu 0.5, kwa hiyo 1 maana yake vifo vimeongezeka maradufu. Goma, hakuna aliyejua kama wakimbizi walikuwa 500,000 au 800,000. Kwa idadi ya kwanza kiwango ni 32, kwa ya pili ni 20. Kwa vyovyote vile, ilikuwa balaa.

Kambi ndogo haina nafasi hiyo ya kukosea. Chukua mfano wa kambi ambayo daftari lake lina majina 35,000. Wiki hii wamekufa 21, yaani 3 kwa siku. Kiwango ni 0.86, na ofisini watu wanashusha pumzi. Lakini wengi walioandikwa wamekwisha kuondoka, na wanaolala kambini kweli ni 20,000. Kiwango halisi ni 1.5. Na huenda hata hao 21 si wote: mama aliyefiwa akijua kwamba kutangaza msiba kutampunguzia chakula kwenye kadi ya mgao, atanyamaza. Mimi simlaumu.

Kwa watoto walio chini ya miaka 5 mpaka wa dharura ni 2, maana hata siku za kawaida wao hufa zaidi. Hapa kosa baya ni la kigawanyo: vifo vya watoto hugawanywa kwa watoto, si kwa kambi nzima. Kama kati ya wale 21 watoto ni 7, ni mmoja kwa siku. Ukigawanya kwa watu 20,000 unapata 0.5, unadhani kuna heri. Ukigawanya kwa watoto 4,000 waliomo, unapata 2.5.

Kwa hiyo kambi makini huweka mwangalizi makaburini mchana kutwa. Hagusi kadi ya mtu. Anahesabu makaburi mapya, na kwa kila moja anauliza umri wa aliyezikwa.